Voisi inaendelea, picha zimeisha: tiba ya orodha mbovu ya bi-roli

Ukikaa kuediti dokumentari fupi yenye msimulizi, matatizo mengi utayaona pale mezani lakini hayajaanzia pale. Yameanzia kwenye ile noti iliyoandikwa usiku wa kuamkia shuti, kwamba kesho tukachukue "picha za shamba, picha za wakulima, picha za mji". Edita atalaumiwa, kameramani atalaumiwa, kumbe orodha ya bi-roli, zile picha za kufunika sauti ya msimulizi na mahojiano, ndo ilikuwa tupu tangu mwanzo. Kwa hiyo tuanze na kile unachokiona kwenye taimlaini, halafu turudi nyuma kutafuta orodha ilikosea wapi.

Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mwisho ili tusichanganyane. Kipande cha dakika 5 kuhusu zabibu za huku kwetu Dodoma, mashamba ya upande wa Mpunguzi na Bihawana, kuna msimulizi na kuna mama mmoja mkulima anahojiwa. Aya inayosumbua kwenye skripti ni hii:

> Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini wakulima wengi wanasema msimu mkubwa ndio unaowaumiza, kwa sababu kila mtu anavuna kwa wakati mmoja. Zabibu mbivu haisubiri, ikikaa kwenye kreti juani inaanza kuchachuka, na mwenye gari ndiye anayepanga bei.

Na orodha iliyotoka na hiyo skripti ilikuwa hivi: shamba la zabibu waidi, zabibu kloozapu, wakulima wakivuna, kreti, gari. Ukiitazama haraka unaona imekamilika, kila neno lina picha yake. Sasa tuone inavyokufa.

Dalili ya 1: voisi bado inaongea, picha zimeisha

Hii ndo ya kwanza kila mtu anaikuta. Umeweka shoti zako nzuri, umefika katikati ya aya, huna kitu tena, unaanza kurudia ile waidi ya shamba kwa kuivuta kidogo isijulikane, au unairefusha shoti moja mpaka mtazamaji anaanza kuhesabu majani.

Chanzo ni kwamba orodha iliandikwa kwa maneno na haikuandikwa kwa sekunde. Msomee mtu aya hiyo kwa sauti, kwa mwendo wa msimulizi, huku simu inahesabu. Usikadirie kwa idadi ya maneno kwa sababu maneno yetu ni marefu, "unaowaumiza" ni neno moja lakini linakula muda wa maneno mawili. Aya hiyo inatoka kama sekunde 22 hivi: sentensi ya kwanza 5, ya pili 9, ile ya zabibu kuchachuka 5, na kipande cha mwenye gari 3.

Kwa mwendo wa kawaida shoti moja inakaa sekunde 3 mpaka 5 kwenye skrini, kwa hiyo sekunde 22 zinataka shoti 5 mpaka 7 ambazo kweli zinatumika. Ukisema "kweli zinatumika" maana yake ulizochukua ziwe kama mara mbili ya hapo, kwa sababu nyingine zitatikisika, nyingine kuna mtu kapita anapunga mkono, nyingine fokasi imekimbilia waya wa nyuma. Orodha yetu ina vitu vitano. Ina maana hata kila kitu kingetoka safi bila doa, tuko ukingoni kabisa, na bado zabibu na kreti tutazihitaji tena kufunika mahojiano.

Fanya hivyo kwa skripti nzima. Kama msimulizi anaongea jumla dakika 2 na nusu, hizo ni sekunde 150, gawa kwa 4 unapata karibu shoti 38. Ukiona orodha yako ina mistari 14 ujue tayari una tatizo na hata hujawasha gari. Tiba ni kuandika sekunde pembeni ya kila sentensi kwenye skripti, halafu chini ya kila sentensi uandike shoti zake mpaka sekunde zitoshe. Ikigoma kutosha, kuna njia mbili tu, utafute kitu kingine cha kupiga au upunguze maneno, na mara nyingi kupunguza maneno ndo sahihi.

Dalili ya 2: picha ni nyingi ila hazikatiki

Hapa kadi imejaa kabisa, GB kibao, lakini ukiweka shoti mbili pamoja zinagombana. Zote ni midiamu, zote zimechukuliwa umesimama wima kwa urefu wa kifua, kamera inatembea tembea inatafuta kitu, na hakuna hata moja inayotulia.

Nenda kaangalie orodha imesemaje. Imesema "wakulima wakivuna". Kameramani ukimpa mstari huo atafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, atasimama mwanzo wa mstari wa mizabibu atapiga klipu moja ndefu ya watu wakivuna, atamaliza ataweka tiki. Na kweli kapiga wakulima wakivuna, humdai.

Kitendo kimoja kikivunjwa vipande ndo kinakupa kitu cha kukata. Badala ya mstari mmoja andika hivi:

- Mkono na mkasi vinakata kikonyo cha kichala, kloozapu, tusikie mkasi
- Uso wa huyo huyo anayekata, macho yako kwenye kazi, hatazami kamera
- Kichala kinawekwa kwenye ndoo, kamera iko chini karibu na ndoo
- Kutoka nyuma ya bega lake, tunaona anachokiona yeye
- Waidi ya mstari mzima, watu wanne watano wako kazini
- Ndoo imejaa, anainuka nayo, anatoka kwenye fremu

Angalia kila mstari una kitenzi, una ukubwa wa shoti, na unasema kamera iko wapi. Ule wa mwisho wa "anatoka kwenye fremu" ni wa thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu akishatoka kwenye fremu unaweza kukata kwenda popote, kwenye kreti, barabarani, sokoni Majengo, na hakuna atakayejiuliza amefikaje.

Halafu juu kabisa ya orodha weka sheria moja kwa herufi kubwa: KILA SHOTI SEKUNDE 10 KAMERA IMETULIA. Kama ni shoti ya kuzungusha kamera basi itulie sekunde 5 kabla ya kuanza na 5 baada ya kufika, vinginevyo edita hana pa kuingilia wala pa kutokea. Wenzetu wanaopenda slomo wakumbuke na wao, klipu iliyopigwa fremu 50 kwa sekunde ukiiweka kwenye taimlaini ya 25 na kuipunguza inakuwa mara mbili kwa urefu, hilo zuri, lakini mara nyingi inakuja haina sauti yenye maana, kwa hiyo ule mkasi wetu usiupige slomo.

Dalili ya 3: picha inarudia kile kile msimulizi anachosema

Msimulizi: "zabibu", picha: zabibu. Msimulizi: "kreti", picha: kreti. Msimulizi: "gari", picha: gari. Hakuna kosa la kiufundi hata moja na bado kitu kizima kimepooza, kinafanana na kitabu cha darasa la kwanza. Hii ndo dalili ngumu kuitambua maana mwenye kazi anaona kila kitu kimekaa mahali pake.

Chanzo ni kuandika orodha kwa kupigia mstari nomino kwenye skripti. Wewe uliza sentensi inadai nini, halafu tafuta picha inayothibitisha dai hilo, au inayoongeza kitu ambacho msimulizi hajakisema. Chukua "zabibu mbivu haisubiri, ikikaa kwenye kreti juani inaanza kuchachuka". Nomino pale ni zabibu, kreti, jua. Dai lenyewe ni muda unapita na mali inaharibika. Picha za dai hilo: nyuki wanatua juu ya kreti iliyojaa, zabibu za juu zimeanza kusinyaa, maji ya zabibu yanachuruzika kwenye tundu la chini la kreti na vumbi limeganda, mama anahamisha kreti kufuata kivuli cha mti kwa sababu kivuli kimesogea. Hiyo ya kivuli mimi ningeiweka hata kama ingebidi nitoe zingine zote, sababu hapo huhitaji tena kumwambia mtu kwamba amesubiri muda mrefu, ameona mwenyewe.

Sasa sentensi ya pili ndo mtihani. "Msimu mkubwa ndio unaowaumiza, kwa sababu kila mtu anavuna kwa wakati mmoja." Sekunde 9, na hakuna kitu cha kushika. Msimu hauna umbo. Hapa ndo watu wanakimbilia droni, wanarusha juu ya shamba sekunde 9 nzima, inapendeza ila haisemi kitu, na droni yenyewe ina mambo ya vibali vya TCAA, ukisahau kufuatilia mapema unabaki nayo kwenye begi. Jiulize, "kila mtu kwa wakati mmoja" ukiwa pale barabarani kwa macho yako inaonekanaje? Inaonekana kwa kurudia. Kreti zimepangwa mbele ya shamba hili, kata, kreti mbele ya shamba la jirani, kata, kreti nyingine kando ya barabara, kata, baiskeli imebeba ndoo mbili za zabibu. Shoti nne, zote fremu ya aina moja, kamera kimo kimoja, kila moja sekunde 2 na kidogo. Kwenye orodha lazima uandike hivyo hivyo, "fremu ile ile, mashamba tofauti, angalau manne", usipoandika utaletewa moja.

Kitu kimoja cha wakati: picha ikitangulia neno kidogo, hata nusu sekunde, inakaa vizuri kuliko ikija juu ya neno lenyewe au baada yake. Edita anajua hili, ila wewe unayeandika noti unaweza kumsaidia kwa kuweka alama kwenye skripti mahali picha inatakiwa iingie, badala ya kumwachia abahatishe.

Dalili ya 4: mahojiano yanaruka

Mama kaongea dakika 20, wewe unataka sekunde 40, umekata umeunganisha na sasa kichwa chake kinaruka kushoto, mkono uliokuwa juu ghafla uko chini. Unatafuta katiwei, yaani picha ya kitu kingine ya kuziba pale kwenye mkato, na huna, una zile zile kloozapu za zabibu ambazo ukiziweka zinaonekana wazi zimebandikwa.

Katiwei za mahojiano haziwezi kuandikwa zote kabla, hili watu wengi hawalipangii. Kabla ya kwenda unajua tu kwamba zitahitajika, lakini utajua zipi baada ya kumsikia. Kwa hiyo mtu mmoja kwenye timu, siyo kameramani, akae pembeni na daftari na saa aandike wakati mama anaongea. Noti zenyewe zinakuwa fupi:

- 04:10 "nilikaa mpaka saa kumi gari halijaja". Alikaa wapi? piga sehemu hiyo
- 07:35 anataja daftari la mauzo. Omba tulione, kloozapu ya kurasa, kidole chake kinafuata mstari
- 11:20 amesita, ameangalia pembeni kwenye mizabibu. USIKATE HAPA
- 15:00 anarudia la gari, hapa kasema vizuri zaidi, tutaunganisha na 04:10

Ule mstari wa mwisho ndo unakwambia mshono utakuwa wapi, na pale kwenye mshono ndo unahitaji picha. Mahojiano yakiisha usifunge stendi, mwambie "mama, tunaomba dakika chache utuoneshe lile daftari na pale ulipokuwa unasubiri". Watu hawakatai, tena hapo ndo wanalegea.

Kuna zile katiwei za mikono yake akiwa anaongea. Zinasaidia, ila piga mwishoni huku bado anaongea kitu halisi, na angalia kama ana pete au amejifunga kitenge vilevile, kwa sababu akishavua lile koti la asubuhi (na huku kwetu kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi kuna baridi kweli) mikono yake itakuwa ya mtu mwingine. Katiwei ya chini ya sekunde 2 inaonekana kama hitilafu, ipe muda. Na ule mstari wenye USIKATE HAPA uheshimiwe, kimya cha mtu anayefikiri kisizibwe na picha ya zabibu hata kama ni nzuri namna gani.

Kingine ambacho kinasahaulika ni kwamba katiwei inaficha mshono wa sauti pia. Rekodi sekunde 30 za kimya cha sehemu hiyo hiyo mliyokaa, upepo wake, kuku wake, bila mtu kuongea. Bila hiyo unaficha ruko la picha halafu sikio linasikia upepo umekatika ghafla.

Ila kama 04:10 alikuwa anaongelea mwaka jana na 15:00 anaongelea mwaka huu, usiunganishe, hata uwe na picha nzuri kiasi gani ya kufunika. Hapo siyo editi tena, umemtungia maneno. Ndo maana kwenye noti andika na anachokiongelea, siyo maneno matamu tu.

Dalili ya 5: picha inamsingizia mtu

Hii haionekani kwenye taimlaini kabisa, inaonekana baada ya kurusha, simu inapigwa. Rudi kwenye sekunde 3 za mwisho za aya yetu, "mwenye gari ndiye anayepanga bei". Orodha ilisema "gari". Kameramani kapiga Kenta iliyokuwepo pale, namba inasomeka, dereva kaegemea mlango anacheka na mtu. Ukiweka maneno yale juu ya picha ile, umemwambia mtazamaji kwamba huyu ndiye mnyonyaji. Na yeye pengine alikuja kubeba maji tu.

Mstari wa namna hii kwenye skripti, wenye lawama ndani yake, uuwekee alama nyekundu na kwenye orodha uandike waziwazi nini kisionekane. Kwa mfano: "bodi la nyuma la gari likiwa wazi, kreti zinapandishwa, mikono tu, HAKUNA uso, HAKUNA namba ya gari, HAKUNA jina la kampuni ubavuni". Au ondoka kwenye gari kabisa, piga sindano ya mzani inatikisika halafu inatulia, na macho ya mama yanautazama mzani. Kwa maoni yangu mzani ni bora, sekunde 3 zinatosha na bei iko pale pale.

Ni vilevile kwa sentensi kama "baadhi ya wakulima wanavuna zabibu changa" au habari yoyote ya dawa, ugonjwa, deni. Mtu aliyekubali upige akivuna hakukubali kuwa sura ya kosa. Na waidi siyo kinga, kijijini mtu anatambulika kwa kofia yake tu na anavyotembea.

Dalili ya 6: picha na msimu havielewani

Fupi hii. Voisi inasema mavuno ya Agosti, nyuma ya mama majani ni kijani kibichi na kuna dimbwi. Mtu wa Dodoma atakucheka, Agosti huku ni vumbi na mibuyu imebaki matawi. Inatokea ukichanganya picha za sasa na zile za zamani ulizopiga Februari. Kila shoti ya zamani kwenye orodha iandikwe mwezi iliyopigwa, na kama huna shoti ya msimu sahihi funga fremu, kaa kwenye mikono na mkasi ambako huoni ardhi wala mbingu.

Saa nayo iandikwe. Uvunaji unaanza asubuhi, ukiupanga kwenye ratiba saa saba mchana utakuta watu wako chini ya mti na mwanga umekuwa mkali, nyuso nyeusi chini ya kofia. Kwa hiyo orodha ikishakamilika kwa mpangilio wa skripti, iandike upya kwa mpangilio wa siku: saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi shambani, saa 4 mahojiano kivulini, saa 6 kreti na nyuki na kile kivuli kinachosogea (hapo jua kali ndo unalitaka), saa 10 jioni barabarani na mzani. Pembeni ya kila shoti acha namba ya sentensi yake ya skripti, ili mkichelewa na ikabidi kuacha kitu, mjue mnaacha sentensi gani bila picha na msimulizi aifute kabla hajaingia kurekodi.